Namba K ya mkunjo wa bati: kuipata kwa vipande vya majaribio na kuitumia kukadiria urefu wa bati bapa

Majibu haya yanahusu bati la chuma laini linalokunjwa kwenye presi yenye panchi juu na dai ya V chini, ambapo panchi haigandamizi bati mpaka sakafu ya V. Mfano mmoja unatumika tangu mwanzo hadi mwisho: bati linaloitwa la mm 2, lililokunjwa kwenye V ya mm 16.

Namba K ni nini hasa?

Bati likikunjwa, upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa. Ndani ya unene kuna mstari ambao haurefuki wala haufupiki, na hapa tutauita mstari tulivu. Namba K inaeleza mstari huo uko wapi: ni umbali wake kutoka uso wa ndani wa bati, ukigawanywa kwa unene. K ikiwa 0.5, mstari uko katikati kabisa. Kwenye mikunjo ya kawaida ya karakana unasogea kuelekea ndani, na kwa chuma laini kilichokunjwa kama tulivyoeleza, K huangukia karibu na 0.4. Kadiri kona inavyokuwa kali kulinganisha na unene, ndivyo K inavyoshuka. Kona ikiwa pana sana, K inakaribia 0.5.

Kwenye programu za kuchora sehemu za bati utaiona imeandikwa `K-Factor`. Inatakiwa pale kwa sababu urefu wa mstari tulivu kwenye tao la kona ndio urefu wa bati linalotumika kutengeneza kona hiyo.

Kwa nini nisichukue tu namba kutoka kwenye jedwali?

Unaweza kuanza nayo, lakini angalia tofauti inavyokuwa. Kiwango cha Kijerumani DIN 6935 kina kanuni inayotoa kizidishio kutokana na uwiano wa rediasi ya ndani na unene. Kwa bati la mfano wetu, kanuni hiyo inatoa 0.71, na kizidishio chake hupigwa kwa nusu ya unene. Kwa hiyo K ya programu ni nusu yake, yaani 0.36. Kipande cha majaribio cha mfano huu kinatoa 0.42. Tofauti hiyo ni karibu mm 0.2 kwa kila kona, na mfuniko wenye kona nne utatoka na kosa la mm 0.8 wakati hesabu zote ni sahihi.

Kosa baya zaidi ni kuingiza ile 0.71 moja kwa moja kwenye programu inayotaka K. Ukiona K inayozidi 0.5 mahali popote, kwanza uliza imetoka kwenye kanuni ya aina gani.

Niandae vipande vya majaribio vya aina gani?

Vipande vitatu vinatosha, vyenye urefu wa mm 100 hivi na upana wa mm 50. Vitoke kwenye bati lilelile utakalotumia kwa kazi, vyote vikiwa na mwelekeo mmoja wa nyuzi za bati, na mkunjo upite kama utakavyopita kwenye kazi yenyewe. Usitumie vipande vyembamba vya mm 10 au 15. Karibu na kingo bati huvimba kidogo upande wa ndani wa kona, na kwenye kipande chembamba uvimbe huo unatawala kipimo chote.

Ondoa ukakasi wa kingo kwa faili kabla ya kupima. Baada ya hapo ndipo upime urefu wa kila kipande kwa vernia na uuandike juu yake kwa kalamu ya wino usiofutika. Usiamini kwamba ni mm 100 kwa sababu tu mchoro wa kukatia ulisema hivyo. Iwe ni leza au mkasi wa mashine, kipande hutoka na sehemu kadhaa za mia za milimita zaidi au pungufu, na hizo zote zingeingia kwenye K.

Unene upime kwa maikromita, sehemu tatu za bati. Bati la mfano linaitwa la mm 2 lakini maikromita inasoma 1.95. Ukinunua kwa geji ndiyo kabisa usikadirie, maana geji 16 ya muuzaji mmoja haina lazima ya kuwa sawa na ya mwingine.

Nakunja vipi, na napima nini?

Kunja kila kipande karibu na katikati hadi 90°, kwa panchi na dai zilezile za kazi. Haina haja mkunjo uwe katikati kabisa, kwa sababu tutajumlisha mabawa yote mawili. Kinachotakiwa kuwa sahihi ni pembe. Bati hujirudi kidogo panchi ikinyanyuka, kwa hiyo pembe inayohesabiwa ni ile inayobaki baada ya kutoa kipande kwenye mashine, na si ile iliyosomeka kikiwa kimebanwa.

Pima kila bawa kutoka nje: taya moja ya vernia ikae kwenye uso wa nje wa bawa la pili, taya nyingine kwenye ukingo wa bawa unalopima. Pima katikati ya upana. Kisha toa urefu wa awali kwenye jumla ya mabawa. Kinachobaki tutakiita makato, kwa herufi BD, A na B zikiwa mabawa mawili na L urefu wa awali:

```
BD = A + B - L
```

Vipimo vya mfano ni hivi, vyote kwa milimita:

| Kipande | L | A | B | BD |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 100.04 | 51.92 | 51.83 | 3.71 |
| 2 | 99.96 | 51.80 | 51.91 | 3.75 |
| 3 | 100.02 | 51.95 | 51.79 | 3.72 |

Wastani ni 3.73. Vipande vikitofautiana zaidi ya mm 0.1, usikimbilie kuchukua wastani. Tafuta kwanza sababu, na mara nyingi utaikuta kwenye pembe.

Rediasi ya ndani naipataje?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Watu wengi huandika rediasi ya ncha ya panchi. Kwa ukunjaji huu, rediasi ya bati haitokani na panchi, ila panchi iwe butu kuliko kona ambayo bati lingejitengenezea lenyewe. Inayoamua ni upana wa V. Kwa chuma laini, rediasi ya ndani huwa karibu asilimia 16 ya upana wa V, kwa hiyo V ya mm 16 inatoa karibu mm 2.6 hata kama panchi ina ncha ya mm 1. Stenlesi hutoa rediasi kubwa zaidi kwa V hiyohiyo, karibu asilimia 20 au zaidi.

Asilimia hiyo ni ya kuanzia. Ihakikishe kwa geji ya rediasi: ingiza bamba lake ndani ya kona, elekeza kwenye mwanga, na tafuta lile lisiloonyesha mwanya katikati wala pembeni. Mwanga ukionekana katikati, bamba ni kubwa kuliko kona. Ukionekana pembeni wakati katikati limegusa, bamba ni dogo. Kwa mfano wetu tunachukua 2.6.

Sasa K inahesabiwaje?

Kwa mkunjo wa 90°, hatua ni tatu tu. Kwanza, jumlisha rediasi na unene, kisha zidisha kwa mbili: 2 × (2.6 + 1.95) = 9.10. Pili, toa makato ili upate urefu wa tao, yaani bati lililoingia kwenye kona: 9.10 − 3.73 = 5.37. Tatu, gawanya urefu huo kwa 1.5708, ambayo ni pembe ya 90° kwa radiani. Unapata 3.42, ambayo ni rediasi ya mstari tulivu. Toa rediasi ya ndani, inabaki 0.82, na ukigawanya kwa unene wa 1.95 unapata 0.42.

Kwenye Excel, weka unene kwenye B1, rediasi kwenye B2 na makato kwenye B3, kisha andika:

```
=((2*(B2+B1)-B3)/(PI()/2)-B2)/B1
```

Hakuna faida ya kuandika K kwa tarakimu nne. Kwa bati hili, kosa la mm 0.1 kwenye makato linasogeza K kwa 0.03, na vernia mkononi mwa mtu haiendi mbali zaidi ya hapo.

K yangu imetoka 0.55. Au 0.25. Nianzie wapi kutafuta kosa?

Anza na pembe. Kwa mfano huu, kila digrii moja inayozidi 90 inaongeza makato kwa karibu mm 0.1. Kipande kilichokunjwa digrii 2 zaidi ya 90 kikihesabiwa kama cha 90°, K inatoka 0.35 badala ya 0.42. Kikikunjwa pungufu, K inapanda. Usitumie mraba wa fundi kwa kuangalia tu kwa macho. Tumia protrakta ya chuma yenye mkono.

Pembe ikiwa sawa, rudia urefu wa awali na ukakasi wa kingo. Ukakasi wa mm 0.1 kwenye kila ncha ukipimwa baada ya kukunja lakini haukupimwa kabla, unaingia wote kwenye makato. Halafu angalia unene: je, ulipima au uliandika ule wa lebo?

Rediasi niliiacha mwisho kwa makusudi. Kosa la rediasi mara nyingi halikupi K ya ajabu kiasi cha kukushtua, na hilo ndilo tatizo lake.

Kama rediasi niliyoingiza si sahihi lakini kazi zinatoka vizuri, kuna shida gani?

Zinatoka vizuri kwa sababu zote ni za 90°. Tuseme kwenye mfano uliandika rediasi ya 2.0 badala ya 2.6. Hesabu inatoa K ya 0.34, namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Ukiirudisha K hiyo pamoja na rediasi hiyo kwenye hesabu ya 90°, inakupa makato yaleyale ya 3.73, maana ndiko ilikotoka. Makosa mawili yamefutana.

Sasa kunja bati hilohilo kwa 135°, yaani kona kali ambayo ndani yake imebaki 45°. Ukipima mabawa hadi mgongo wa kona, makato sahihi ni 1.04. Jozi yako mbovu inasema 1.64. Umekata bati fupi kwa mm 0.6 kwa kona moja, na hakuna aliyegusa mashine.

Kwa hiyo K iandikwe daima pamoja na rediasi yake, unene wake na V yake. Karatasi ya ukutani iliyoandikwa "chuma K = 0.42" na kuishia hapo haina kazi.

Sina geji ya rediasi. Kuna njia nyingine?

Ipo, na inatumia vernia ileile. Kunja kipande kimoja zaidi hadi 135°. Utahitaji dai na panchi kali za kama 30°, maana dai ya 88° haifiki huko, na upana wa V ubaki mm 16. Pima kila bawa kutoka ukingo wake hadi sehemu ya mgongo wa kona iliyo mbali zaidi, vernia ikiwa sambamba na bawa hilo. Jumlisha, toa urefu wa awali. Tuseme umepata 1.04.

Chukua makato ya 90° utoe haya ya 135°: 3.73 − 1.04 = 2.69. Gawanya kwa 0.7854, ambayo ni 45° kwa radiani, upate karibu 3.42. Hiyo ni rediasi ya mstari tulivu, na haikuhitaji kujua rediasi ya ndani. Sasa irudishe kwenye mkunjo wa 90°: 3.42 × 1.5708 = 5.37, jumlisha na 3.73 upate 9.10, gawanya kwa mbili upate 4.55, toa unene wa 1.95. Inabaki 2.60. K inafuata: (3.42 − 2.60) / 1.95 = 0.42.

Njia hii inachukulia kwamba rediasi ni ileile kwa pembe zote mbili. Kwa kweli kona hukaza kidogo panchi inapozidi kuzama, kwa hiyo jibu lichukue kama kipimo chenye ulegevu wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Bado ni bora kuliko kunakili rediasi ya panchi.

Nikishapata K, nakadiriaje urefu bapa wa kazi nyingine?

Kwa kila mkunjo, hesabu urefu wa tao, kisha makato. Fomula ni hizi, BA ikiwa urefu wa tao, R rediasi ya ndani, T unene, na A si bawa tena bali pembe ambayo bati limezunguka kutoka ubapa, kwa digrii:

```
BA = (PI/180) * A * (R + K*T)
BD = 2 * tan(A/2) * (R + T) - BA
```

Ukiziingiza kwenye Excel, PI iandikwe `PI()`, na kumbuka `TAN` yake inataka radiani, kwa hiyo A iliyo ndani ya `TAN` igeuzwe kwanza.

Chukua mabano yenye mabawa matatu ya 60, 80 na 50, vipimo vya nje, mikunjo yote ikielekea upande mmoja. Kati ya 60 na 80 kuna mkunjo wa 90°, kati ya 80 na 50 kuna wa 45°. Makato ya 90° tunayo, 3.73. Kwa 45°, tao ni 0.7854 × 3.42 = 2.69, na sehemu ya kwanza ya fomula ni 2 × 0.4142 × 4.55 = 3.77. Makato ni 1.08. Urefu bapa ni 60 + 80 + 50 − 3.73 − 1.08 = 185.19.

Mstari wa kukunjia wa kwanza unakaa nusu ya makato kabla ya 60, yaani 58.13 kutoka ukingo. Wa pili ni 60 + 80 − 3.73 − 0.54 = 135.73. Kutoka hapo hadi mwisho inabaki 49.46, ambayo ni 50 toa 0.54. Ukaguzi huo mdogo ufanye kila mara. Mistari isipofunga hivyo, umesahau makato ya mkunjo mmoja.

Pembe ipi naingiza, 45 au 135?

Kwenye fomula hizi ni pembe ambayo bati limezunguka, na bati bapa ni sifuri. Michoro mingi huandika pembe ya ndani kati ya mabawa, kwa hiyo mkunjo ulioandikwa 135° ndani ni wa 45° kwetu. Kwenye 90° mbili hizi ni sawa, ndiyo maana mkanganyiko huu hujificha mpaka siku ya kwanza ya kona isiyo ya mraba.

Kwa mikunjo inayozidi 90° angalia pia bawa limepimwa hadi wapi. Fomula ya pili hapo juu inapima hadi pale nyuso za nje zingekutana zikiendelezwa, sehemu ambayo kwenye kona kali iko hewani na vernia haiifikii. Mchoro ukiwa umepimwa hadi mgongo wa kona, toa `tan(A/2)` na uache `BD = 2 * (R + T) - BA`. Kwa 135° ya mfano wetu, njia ya kwanza inatoa karibu 13.9 na ya pili 1.04, hivyo ukizichanganya utagundua mara moja, ila bati litakuwa limeshakatwa.

Naweza kuhamisha K kwenye unene mwingine?

Ndiyo, kama uwiano wa rediasi na unene haujabadilika sana na chuma ni cha aina ileile. Hapa ndipo K inaposhinda makato. Chukua bati lililopimwa 2.95 kwenye V ya mm 24. Rediasi inatarajiwa kuwa karibu 3.9, na uwiano ni 1.3 kama wa mwanzo. Kwa K ya 0.42, tao ni 1.5708 × (3.9 + 1.24) = 8.07, na makato ni 13.70 − 8.07 = 5.63. Kunja kipande kimoja kuthibitisha, kisha endelea.

Ukibadilisha V kwa bati lilelile, K husogea kidogo lakini rediasi husogea sana. Bati letu la 1.95 kwenye V ya mm 12 lina rediasi ya karibu 1.9, na makato yanashuka hadi takriban 3.45. Fundi akikuta V ya 16 iko kazini akaweka ya 12 bila kusema, mfuniko wa kona nne unatoka pungufu kwa zaidi ya mm 1. Kabla ya kulaumu mchoro, soma namba iliyochongwa kwenye dai.

Chuma kwenda alumini au stenlesi usihamishe. Pima upya.

Je, inafaa kwa mashine ya kukunjia ya mkono, au kwa nyundo?

Mashine ya mkono yenye ulimi unaonyanyuka inafaa, mradi ubao unaobana urudishwe nyuma kiasi kilekile kila mara, maana nafasi hiyo ndiyo inayotengeneza rediasi. Weka alama ya kudumu kwenye mashine kwa kila unene, na ukipanga upya, kunja upya vipande vya majaribio.

Kwa bati linalokunjwa kwa nyundo juu ya reli au chuma cha pembe, kama kazi nyingi za Kamukunji jijini Nairobi, kona haina rediasi inayojirudia, kwa hiyo K haitakuwa na maana hata ukiihesabu. Hapo tumia wastani wa makato ya mkono wa fundi husika, kwa unene huo tu. Na mkunjo uliofungwa kabisa, bati likilala juu ya bati, usiuhesabu kwa K hata kwenye presi. Bati hapo limepondwa, kwa hiyo pima nyongeza yake kwa kipande chake peke yake.